Gari limelala, hela inatembea

Mikindani ina baraza nyingi za kukalia jioni, na kwenye mojawapo ndipo jirani yangu, mwalimu wa sekondari, aliponiambia kwamba gari lake linamla shilingi 230 kwa kilomita. Hakuwa anabahatisha. Anafundisha hisabati, na namba yake alikuwa ameipata kwa njia anayoiamini: lita moja ya petroli inampeleka kilomita 13, lita ni kama shilingi 3,000, gawanya, maliza. Kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini ni kilomita kumi hivi. Kwa hiyo kwenda kazini ni 2,300, kurudi 2,300. Daladala ni nafuu, alikiri, lakini kwa tofauti hiyo ndogo mtu mzima hawezi kubanwa mlangoni na ndoo ya samaki.

Nilimwomba alete daftari. Alicheka, akasema daftari la gari hana, ana stakabadhi. Akaenda ndani akarudi na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi zilizofifia: za gereji, za bima, za betri. Jioni ile tulikaa hadi adhana ya isha, na jioni mbili nyingine baadaye. Ninachoandika hapa ni hesabu yetu. Bei tumezikata ziwe namba za mviringo ili msomaji aweze kuzifuata kwa kichwa na kubadilisha zake.

Gari lenyewe ni Toyota IST, dogo, la injini ya lita moja na nusu, la aina ambayo Tanzania nzima imejaa. Alilinunua miaka miwili iliyopita kwa shilingi 14,000,000 kutoka kwa mtu, likiwa tayari na namba za hapa. Analitumia kazini siku 250 kwa mwaka, kilomita 20 kwa siku, jumla 5,000. Zinazobaki ni misiba, harusi, sokoni, na safari za Msimbati kwa mama mkwe, tukazikadiria 3,000. Mwaka mzima, kilomita 8,000.

Kabla ya hela nyingine yoyote nilitaka tuhakikishe zile kilomita 13 kwa lita, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Mwalimu hununua mafuta kama tunavyonunua wengi: anaingia sheli, anasema weka ya elfu ishirini. Ukinunua hivyo huwezi kujua gari linakula kiasi gani, maana hujui ulianza na nini tangini, na mshale wa kwenye dashibodi ni wa kukutisha tu, si wa kupimia. Njia ni moja. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, andika kilomita zilizo kwenye saa ya gari. Tembea wiki mbili kama kawaida. Rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, jaza tena hadi ikate. Lita zilizoingia mara hii ya pili ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita hizo. Fanya mara tatu, usiridhike na moja, kwa sababu pampu hukata mapema au kwa kuchelewa kutegemea gari limeinama upande gani. Na kama gari limefungwa tairi kubwa au ndogo kuliko zake za asili, saa ya kilomita yenyewe inasema uongo, kwa hiyo pima kwanza kwenye barabara yenye mawe ya kilomita.

Kwa bahati Mwalimu alipatia: mara tatu tulipata kati ya 12 na 14. Petroli yake ilikuwa 231 kwa kilomita kweli. Bei ya lita inabadilika. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mtwara hutajwa kivyake kwa kuwa ni moja ya bandari tatu zinazopokea mafuta, pamoja na Dar es Salaam na Tanga. Lakini mafuta si gari. Mafuta ni chakula cha gari.

Tukaanza na vitu vinavyoliwa na mwendo. Kila kilomita 5,000 anamwaga oili: lita nne, filta na fundi, kama 110,000. Hiyo ni shilingi 22 kwa kilomita. Tairi nne kwa 600,000, na zikidumu kilomita 40,000 ni shilingi 15. Kisha ule mfuko wa nailoni: bushi, shokapu, breki pedi, stabilaiza linki. Mwaka jana zilikuwa 320,000, yaani 40 kwa kilomita. Jumlisha na petroli, unapata 308. Mwalimu alitikisa kichwa lakini hakushtuka. Kutoka 231 kwenda 308 ni kitu anachoweza kukivumilia.

Kilichomshtua kilikuwa upande wa pili wa karatasi, tulioupa jina la gharama za gari lililolala. Hizi hazijali kama umesafiri au umelala. Gari la 14,000,000 yeye alikuwa ametarajia kuliuza kwa 8,000,000 baada ya miaka mitano. Tofauti, 6,000,000, imegawanyika mara tano: 1,200,000 kila mwaka inayeyuka bila stakabadhi. Hakuna fundi anayekudai, hakuna konda anayenyoosha mkono, kwa hiyo hakuna mtu anayeihesabu. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote upande huu wa karatasi, na ndiyo isiyoonekana.

Inayofuata ilituletea mjadala. Nilisema hela iliyofungwa ndani ya gari ingekuwa inazaa mahali pengine. Gari kwa wastani wa miaka hiyo mitano limeshikilia milioni 11, na kwa asilimia 10 hiyo ni 1,100,000 kwa mwaka. Mwalimu alikataa neno riba, na kwa baraza ile alikuwa na haki yake. Basi tukaiita faida ya mashua. Angekuwa na hisa ya milioni 11 kwenye mashua ya uvuvi au vyumba viwili vya kupangisha, angetegemea kupata kiasi gani? Alifikiri, akasema si chini ya milioni moja na laki. Namba ikabaki palepale, jina likawa halali.

Bima ndogo ni 118,000 kwa mwaka, pamoja na kodi. Bima kubwa ni habari nyingine kabisa, kwani hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari, lakini yeye hana. Kuosha, 150,000. Betri hudumu miaka miwili, kwa hiyo nusu ya betri kila mwaka, 80,000. Zamani hapa kungekuwa na ada ya leseni ya gari ya kila mwaka. Ilifutwa mwaka 2017 na serikali ikaongeza ushuru kwenye mafuta badala yake, jambo ambalo kwa hesabu yetu lilihamisha gharama kutoka gari lililolala kwenda gari linalotembea. Wenye magari yasiyotoka sana walipata nafuu siku ile.

Jumla ya gari lililolala: 2,648,000 kwa mwaka. Hiyo ni 7,255 kwa siku. Kila alfajiri, kabla Mwalimu hajageuza ufunguo, kabla hata hajaamka, shilingi elfu saba zimeshatoka.

Gawanya kwa kilomita 8,000: ni 331 kwa kilomita. Ongeza zile 308 za mwendo. Kilomita moja ya IST hii ni shilingi 639. Petroli ndani yake ni kidogo zaidi ya theluthi moja, na ile theluthi ndiyo peke yake aliyokuwa akiihesabu.

Pwani hii ina jambo lake ambalo halimo kwenye mahesabu ya watu wa Dodoma: chumvi. Upepo wa bahari unaingia chini ya gari na haumuulizi mtu ametembea kilomita ngapi. Gari linaloegeshwa Mikindani miaka mitano linaoza kwenye kingo za chini ya milango, kwenye mabomba ya breki na kwenye ekzosi, hata kama halikutoka sana. Fundi mzuri haangalii rangi. Anainama na bisibisi, anabonyeza chuma chini ya mlango. Kikibonyea au kikitoa unga mwekundu, mnunuzi atakata bei hapohapo. Na ukitoka Msimbati, ambako mchanga wa ufukweni umepanda hadi kwenye matao ya magurudumu, lioshe kwa maji baridi chini kabisa, siyo juu tu panapopendeza. Waosha magari wetu huanzia kioo cha mbele.

Sasa daladala. Kosa kubwa la kulinganisha ni kuweka kilomita ya gari kando ya kilomita ya basi kana kwamba ni kitu kimoja. Nauli inahesabiwa kwa kichwa. LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, daladala za hadi kilomita 10 zilitoka 500 kwenda 600, na mabasi ya mikoani ya daraja la kawaida yaliwekewa kikomo cha shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Nauli ya kichwa ndiyo namba halisi ya kushindana nayo. Kwa daladala ya Mikindani, 600 kwa kilomita 10 ni shilingi 60 kwa kila mtu.

Chukua 639 ugawanye kwa 60. Inakuja kumi na nusu na ushee. Yaani ili gari la Mwalimu lilingane na daladala kwa bei, linapaswa kubeba watu kumi na zaidi, na IST ina viti vitano. Hata ukijisamehe gari lililolala, ukasema nimeshalinunua, nahesabu mwendo tu, 308 kwa 60 ni watu watano na chembe. Gari likijaa dereva na abiria wanne ndipo linapokaribia kuifikia daladala. Na Mwalimu, siku nyingi, yumo peke yake na mkoba kwenye kiti cha pembeni.

Lakini daladala haimfikishi mlangoni, na hapa tulilazimika kuwa waaminifu kwa upande wake. Kutoka anaposhuka hadi shuleni ni bodaboda, tukaweka 1,000. Kwenda na kurudi, pamoja na nauli, inakuwa 3,200 kwa siku. Bado ni chini ya petroli pekee ya gari, 4,620, na ni robo ya gharama kamili, 12,780. Kisha muda. Kwa gari dakika ishirini. Kwa daladala, ukihesabu kusubiri ijae, hamsini. Saa nzima kwa siku. Saa ya Mwalimu, ukigawanya mshahara wake kwa saa za kazi za mwezi, ni kama 4,500. Ukiongeza hiyo kwenye 3,200 unapata 7,700, na hiyo imezidi 6,160, gharama ya mwendo wa gari kwa siku. Kwa hiyo mtu ambaye tayari ana gari, na ambaye saa yake moja kweli anaigeuza kuwa kitu, hakosei kuliendesha. Anayekosea ni yule anayelinunua kwa sababu hiyo, kwa maana yeye anapaswa kulinganisha na 12,780.

Nilimuuliza anaigeuzaje ile saa. Alisema anawahi kurudi kukaa barazani. Tukaiandika nusu bei.

Safari ya Msimbati ina sura tofauti, na ndiyo iliyonifanya niache kuwaambia watu kwamba gari ni hasara tupu. Ni kama kilomita 45 kutoka Mtwara, unapita Madimba, penye mtambo wa kusafisha gesi, na kadiri unavyoikaribia Ghuba ya Mnazi ndivyo mchanga unavyochukua nafasi ya udongo. Huko kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, inayoshika ghuba na mikoko ya maingilio ya Ruvuma, gari dogo linahangaika. Injini inanguruma, magurudumu yanazunguka zaidi ya yanavyosogea, gia haipandi. Matumizi yalishuka hadi kilomita 9 kwa lita, na kwa oili, bushi na tairi tulikadiria uchakavu mara mbili. Kilomita moja ikawa 487 za mwendo tu. Safari ya kilomita 90, kutoka Mtwara mjini kwenda na kurudi, karibu 44,000.

Kwa mtu mmoja hiyo ni anasa. Tukiweka nauli ya gari la abiria 4,000 kwa safari, yeye peke yake angelipa 8,000. Lakini familia ya Mwalimu ni watu watano, na huenda wote, na wanarudi na muhogo na nazi. Nauli ya watano ni 40,000. Hapo IST imeshindwa kwa shilingi elfu nne tu, na haikuwaacha watoto wakisubiri gari la mwisho linaloondoka mapema. Gari binafsi linaanza kuwa na akili pale viti vinapojaa, barabara inapokuwa ya magari machache, na safari inapokuwa ya siku ambayo konda hana sababu ya kukusubiri. Barabara ya Mikindani kwenda mjini haina hata moja ya hayo.

Dar es Salaam, ambako watu hupenda kujisifu kwamba walikwenda na gari lao, ni kama kilomita 560. Kwa kikomo cha 48.47, kichwa kimoja ni karibu 27,000. Kwa barabara ndefu ya lami IST hufika kilomita 15 kwa lita, kwa hiyo mafuta pekee ni 112,000, sawa na nauli za watu wanne. Mkiwa watatu ndani ya gari, hata kabla ya oili na tairi, basi limewashinda. Na jambo la kuchekesha kidogo: gesi ya Mtwara imekuwa ikisafiri kwa bomba kwenda Dar tangu 2015, na huko ndiko madereva wanakopanga foleni kujaza mitungi ya gesi kwenye magari yao.

Kwa nini basi linaweza kutoza kidogo hivyo na gari haliwezi? Basi nalo lina gharama za kulala, tena kubwa kuliko za IST. Tofauti ni kwamba haliruhusiwi kulala. Linatembea maelfu ya kilomita kwa mwezi likiwa limejaa, kwa hiyo ile gharama inapasuliwa vipande vidogo mno. Mkoa huu umewahi kuona kinyume chake kwa ukubwa wa kutisha. Mradi wa karanga wa Waingereza ulijengewa reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea na bandari ya kina kirefu. Mradi wenyewe uliachwa 1951, bandari ikakamilika 1954, reli ikabaki na vichwa vya treni, stesheni na mafundi wa kulipwa lakini haina mzigo wa kutosha. Ilifungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Reli ile iliuawa na gharama ya kulala iliyokosa mzigo wa kuigawana.

Jioni ya tatu Mwalimu alikuja na uamuzi. Ataliacha gari nyumbani siku za kazi. Akakokotoa mwenyewe, na akarudi kwangu amekasirika, kwa sababu gharama kwa kilomita ilikuwa imepanda. Kilomita 3,000 kwa mwaka badala ya 8,000, na gharama za kulala zilezile 2,648,000, zilimpa 1,191 kwa kila kilomita. Amebana matumizi, kilomita imekuwa ghali karibu mara mbili!

Huo ndio mtego wa kipimo hiki. Gharama kwa kilomita hushuka kila unapoendesha zaidi, kwa hiyo ukiifuata peke yake itakushauri uzunguke mjini bila kazi. Inafaa kulinganisha gari na basi kwa safari moja. Kwa maisha ya mwaka, angalia jumla. Akiendesha kila siku, mwaka ni 5,112,000. Akiacha gari siku za kazi, gari linamla 3,572,000 na daladala na bodaboda 800,000, jumla 4,372,000. Ameokoa 740,000, ijapokuwa kilomita yake inaonekana ghali. Na kama hana gari kabisa? Tukaweka zile kilomita 3,000 nyingine zote kwa kukodi, kwa shilingi 600 kwa kilomita, bei ambayo nadhani ni ya ukarimu kwa wenye bajaji: 1,800,000, na 800,000 za kazini. Milioni mbili na laki sita. Nusu ya alichokuwa akitumia.

Mke wake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliuliza nani atakayekodi bajaji saa nane usiku mtu akiugua. Hatukuwa na safu ya jambo hilo kwenye daftari. Nilipendekeza tuweke laki tano kwa mwaka kama thamani ya kuwa na gari usiku. Alituangalia kama watu ambao hawajawahi kuugua.

Wiki iliyopita Mwalimu alimwita dalali, kwa kujaribu tu. Yule kijana alilizunguka gari, akainama na bisibisi chini ya mlango wa nyuma, akabonyeza, akafuta kidole kwenye suruali. Akasema milioni kumi, tena mpaka msimu wa malipo ya korosho ufike. Mwalimu hakubishana. Gari la 14,000,000 limeshuka milioni nne ndani ya miaka miwili, siyo milioni moja na laki mbili kwa mwaka kama tulivyoweka, bali mbili, na hiyo peke yake iliongeza shilingi 100 kwa kila kilomita. Aliporudi barazani alichukua penseli, akafuta 639, akaandika juu yake 739, kisha akauliza kama ile faida ya mashua nayo ibadilike.

Nilimwambia ndiyo, kwa kuwa wastani wa hela iliyofungwa sasa ni milioni 12. Akafuta tena.